Video moja, majibu manne yaliyofanana: uchambuzi wa kisa cha intavyu ya mazoezi mjini Kisumu

Usuli

Kisa hiki ni cha kituo kidogo cha kufundishia vijana kazi mjini Kisumu. Jina la kituo, la mwajiri na ya vijana wenyewe nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemfichua mtu nimeyageuza. Mimi nilikuwa mkufunzi. Skripti ya kwanza, ile iliyotuaibisha, niliiandika kwa mkono wangu.

Darasa lilikuwa la vijana 22. Wengi walikuwa wamemaliza kidato cha nne wakakaa mwaka au miwili, wachache walikuwa na cheti cha kozi fupi. Kazi walizokuwa wakiomba ni za stoo, kaunta na mauzo kwenye maduka ya jumla. Intavyu ya kazi kama hizo haina mbwembwe. Unaingizwa ofisi ya nyuma ya duka, unamkuta meneja na pengine mhasibu, mnaongea dakika kumi au kumi na tano huku simu ikiita na mtu akiingia kuuliza bei ya misumari. Inaanza kwa Kiingereza, na ikifika kwenye jambo lenye uzito, kwa mfano pesa au wizi, inahamia Kiswahili yenyewe.

Tulikuwa tumejaribu kuwahoji darasani, mmoja mbele na wengine wakitazama. Haikwenda mbali. Wenzao wakicheka, anayehojiwa naye anacheka, na somo linakwisha hivyo. Ndipo tukaamua kutengeneza video: mhojaji mmoja, mwombaji mmoja, kwanza makosa, kisha majibu bora, na pembeni mwa picha maandishi ya kueleza kinachoendelea. Tukaamua iwe kwa Kiswahili ili kwanza waelewe jibu zuri limejengwa na nini, Kiingereza tukifanyie mazoezi baadaye.

Video ya kwanza

Ilikuwa na dakika 11. Nusu ya kwanza mwombaji alifanya kila kosa nililoweza kulifikiria. Alichelewa, aliingia akitafuna chingamu, simu yake ikalia na akaipokea, kisha akamsema vibaya bosi wake wa zamani. Mwigizaji alikuwa kijana wetu mmoja mcheshi sana. Darasa zima lilishika mbavu, na jioni video ilikuwa imeshafika kwenye magrupu ya Wosapu ya watu tusiowajua. Nilidhani tumefaulu.

Nusu ya pili mwombaji alirudi amevaa shati jeupe na kujibu kwa ufasaha. Jibu nililoona fahari nalo kuliko yote lilikuwa la swali la udhaifu. Nilimwandikia aseme: "Udhaifu wangu ni kwamba napenda kila kitu kiwe sawasawa kupita kiasi, na wakati mwingine nachelewa kumaliza kwa sababu narudia kukagua." Nililichukua kwenye semina fulani niliyohudhuria zamani. Lilisikika vizuri.

Siku ya mwajiri

Wiki mbili baadaye mwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi, mama mmoja ambaye hapa nitamwita meneja, alikubali kuwaona vijana wetu sita kwa nafasi ya karani wa stoo. Aliwahoji asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine.

Saa saba mchana alinipigia. "Mwalimu," akasema, "umeniletea mtu mmoja mara nne."

Wanne kati ya wale sita walikuwa wamempa lile jibu la udhaifu, karibu neno kwa neno. Wa kwanza alimsikiliza. Wa pili akamwuliza, "Sawa, mara ya mwisho kurudia kukagua kitu mpaka ukachelewa ilikuwa lini? Kitu gani?" Kijana akanyamaza, akatazama dari. Wa tatu na wa nne aliwauliza swali hilohilo kwa sababu alitaka tu kuona, na nao wakanyamaza vilevile.

Aliyeajiriwa ni msichana ambaye hakuwa ameiona video. Simu yake ilikuwa imeharibika skrini wiki ile. Sitaki kulipa jambo hili uzito kuliko linaostahili, kwa kuwa mtu mmoja hathibitishi lolote, na huenda angeajiriwa hata kama angeitazama mara kumi. Lakini ilinikaa rohoni.

Fomu ya meneja

Niliomba nimtembelee. Nilitarajia kuambiwa vijana wajiamini zaidi, wamtazame mtu machoni, na kadhalika. Badala yake alifungua droo akanionyesha karatasi aliyokuwa akiandika alipokuwa akihoji. Ilikuwa na mistari minne, kila mmoja na alama kutoka 1 hadi 5: anaijua kazi yenyewe, amewahi kushika mzigo au pesa ya mtu, naweza kumwachia ufunguo, tutaelewana mshahara na lini anaweza kuanza. Upande wa kulia kulikuwa na nafasi ya kuandika ushahidi, yaani alichosikia kilichomfanya atoe alama ile.

Karatasi za wale wanne zilikuwa na alama 2 na 3, na upande wa ushahidi haukuwa na neno.

Pale ndipo nilipoelewa video yangu ilikosea wapi. Makosa niliyoyaigiza hayakuwa makosa ya vijana wetu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ofisini na chingamu mdomoni, wote hufika nusu saa mapema wakiwa wamepiga pasi. Kosa lao ni jibu la heshima, lililonyooka, lisilo na kitu ndani, na jibu la namna hiyo nililiweka upande wa majibu bora.

Skripti ya pili: tulivyoamua

Tuliamua mambo mawili. La kwanza, jibu baya liwe lile ambalo mtu makini hulitoa akiamini ni zuri. Mtazamaji asipate nafasi ya kumcheka mwombaji, ajione mwenyewe. La pili, jibu bora litoke kwa mtu yuleyule, mwenye maisha yaleyale. Asiongezewe shahada, cheo wala ufasaha. Kinachobadilika ni kile anachochagua kukisema.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote nilikaa na msichana mmoja wa darasa aliyekubali kuigiza, nikamwuliza amefanya nini tangu amalize shule. Akasema hajafanya kitu. Nikamwuliza asubuhi alikuwa akiamkia wapi. Ndipo ikatoka kwamba alikaa miezi minane kwa shangazi yake mwenye agroveti huko Luanda, kaunti ya Vihiga, akipokea mbolea na kuandika madeni. Kwenye sivii yake hakukuwa na hata mstari mmoja wa habari hiyo. "Hiyo haikuwa kazi, mwalimu. Nilikuwa tu namsaidia shangazi."

Skripti tuliiandika kwenye karatasi iliyogawanywa safu mbili, kushoto maneno yanayosemwa, kulia maelezo ya pembeni. Kanuni niliyojiwekea kwa safu ya kulia ni kwamba maneno "vizuri" na "vibaya" hayaruhusiwi. Safu ile ieleze tu meneja amesikia nini na ameandika nini kwenye fomu yake. Hapa chini naweka vipande vitatu.

*Kipande cha kwanza: "Hebu tueleze kukuhusu."*

MWOMBAJI (mara ya kwanza): Asante, madamu. Mimi nilizaliwa Vihiga, kwetu tuko watoto sita, mimi ni wa tatu. Shule ya msingi nilisomea nyumbani, kisha nikaenda sekondari, nikapata C. Baada ya hapo nilikaa nyumbani kidogo, halafu nikafanya kozi ya stoo. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa.

PEMBENI: Haya mengi meneja ameshayasoma kwenye sivii iliyo mbele yake. Anangoja kusikia kama umewahi kushika mzigo. "Nilikaa nyumbani kidogo" ni miezi mingi, na hajui ina nini ndani. Hayo maneno ya mwisho ameyasikia kwa kila aliyeingia leo. Fomu: mzigo, 1. Ushahidi: hakuna.

MWOMBAJI (mara ya pili): Asante, madamu. Nimefanya kozi ya stoo ya miezi sita, lakini stoo yenyewe niliijulia kwa shangazi yangu. Ana agroveti Luanda. Nilimsaidia miezi minane, msimu wa kupanda ukiwemo. Lori likija nilikuwa napokea mbolea, nahesabu mifuko, naandika kwenye daftari, na jioni tunalinganisha kilichouzwa na kilichobaki. Hakunilipa mshahara, alikuwa ananipa pesa ya matumizi. Nimeomba hapa kwa sababu kazi ya kupokea na kuhesabu naijua, sasa nataka kuifanya mahali penye mzigo mkubwa.

PEMBENI: Muda ni uleule. Pengo limejaa. Amesema mwenyewe kwamba hakulipwa kabla hajaulizwa, na meneja ameandika neno moja kando: "mkweli". Fomu: mzigo, 4. Ushahidi: amepokea mbolea miezi minane, daftari, ulinganisho wa jioni.

Tulibishana juu ya ile sentensi ya mshahara. Mkufunzi mwenzangu alitaka iondolewe, akisema inamshusha. Meneja, nilipomsomea, alisema iachwe. Maelezo yake ni kwamba akisikia mtu amefanya kazi agroveti ya jamaa yake huwa anajiuliza palepale kama ilikuwa kazi kweli au kushinda dukani, na anayelitoboa mwenyewe hamwachii la kuchimba.

*Kipande cha pili: "Hesabu ya stoo ikikataa, utafanya nini?"*

Hiki ndicho kipande nilichokipa muda mwingi kuliko vingine, kwa sababu kwa karani wa stoo swali hili ndilo kazi yenyewe.

MWOMBAJI (mara ya kwanza): Madamu, mimi niko makini sana, nitahakikisha haikatai. Lakini ikitokea, nitaripoti kwa bosi mara moja.

PEMBENI: Meneja anajua hesabu hukataa kwenye kila stoo, hata kwake. Mtu anayesema haitakataa, ama hajawahi kuhesabu ama atakuja kuficha. Na akiripoti tu, kazi ya kutafuta imerudi mezani kwa meneja. Fomu: ufunguo, 2.

MWOMBAJI (mara ya pili): Ilinipata kwa shangazi, madamu. Tulipokea mifuko 60 ya mbolea ya DAP. Daftari lilisema tumeuza 19, kwa hiyo nilitarajia 41. Nikahesabu nikapata 38.

MENEJA: Ukafanyaje?

MWOMBAJI: Nilihesabu tena, maana imepangwa ikipanda juu na ni rahisi kuruka safu ya nyuma. Ikawa 38. Nikarudi kwenye daftari, nikapitia ukurasa kwa ukurasa na vile vijikaratasi vya risiti, vikalingana. Ndipo nikamwuliza shangazi kama kuna mzigo uliotoka nisipokuwepo. Akakumbuka kuna mteja wake alichukua mifuko mitatu kwa mkopo nilipokuwa nimeenda kula, na hakuandika. Baada ya hapo tulifunga daftari la madeni kwa kamba pale kaunta. Anayetoa mzigo anaandika kwanza, mfuko unatoka baadaye.

MENEJA: Haikutokea tena?

MWOMBAJI: Mara moja, mfuko mmoja wa CAN. Tuliupata siku hiyohiyo.

PEMBENI: Angalia mpangilio. Amehesabu tena, akaangalia karatasi, ndipo akamwuliza mtu. Aliyeanza kwa kumshuku mtu angegombana na shangazi bure. Mwisho kuna kitu kilichobadilika, yaani daftari na kamba. Na alipoulizwa kama ilitokea tena hakusema "hapana". Fomu: ufunguo, 5.

Wanaofundisha intavyu wana njia ya kupanga jibu kama hili: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Ni njia nzuri na nimeifundisha kwa miaka. Ila nimeona kijana akipewa vichwa vinne kabla hajakumbuka kisa, anatunga kisa cha kujaza vichwa. Kwenye video hatukuvitaja kabisa. Tuliwauliza tu wanafunzi baadaye, "Alianza na nini? Kisha?"

*Kipande cha tatu: "Unataka mshahara wa kiasi gani?"*

MWOMBAJI (mara ya kwanza): Chochote mtakachonipa, madamu, mimi nashukuru.

PEMBENI: Ni adabu, na nyumbani tumefundishwa hivyo. Lakini meneja ana mstari wa kujaza na hujampa cha kuandika. Pia anajiuliza kama utaondoka mwezi wa pili ukipata anayeongeza elfu mbili.

MWOMBAJI (mara ya pili): Madamu, kwa kazi hii nafikiria kati ya elfu 20 na 23. Naomba kuuliza, kiasi mlichonacho ni kabla ya makato au cha kupokea mkononi?

Maelezo ya pembeni hapa yalikuwa marefu, nikayatengea klipu yake. Kijana akisikia elfu 20 huona elfu 20. Kwa viwango vya sasa, bima ya afya inakata asilimia 2.75, ambayo ni shilingi 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, shilingi 300. NSSF asilimia 6 kwa kiwango hicho, shilingi 1,200. Kodi ya mapato haigusi mshahara wa kiwango hicho. Kwa hiyo mkononi inabaki 17,950. Ukiishi Mamboleo na kupanda matatu kwenda na kurudi siku sita kwa wiki, hiyo tofauti ya 2,050 unaisikia. Tukawakumbusha pia kwamba katika amri ya serikali ya mishahara ya chini Kisumu imo kwenye kundi la majiji pamoja na Nairobi na Mombasa, kwa hiyo kiwango cha kuangalia si kile cha miji midogo.

Kulikuwa na kipande cha nne, "Umeolewa? Unapanga kupata mtoto karibuni?", ambacho hatukukimaliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ndoa au ujauzito, tangu wakati wa kuajiri. Hilo halina ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya msichana aseme nini akiwa amekaa pale, akiihitaji kazi. Mimi niliandika ajibu ile hofu iliyo nyuma ya swali: "Madamu, hakuna kitakachonizuia kufika kazini kwa saa zilizopangwa." Mwenzangu alisema hilo ni kumfundisha ameze. Mpaka leo hatujakubaliana, na klipu hiyo haijatolewa.

Kupiga picha

Tulitumia simu moja juu ya stendi na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Darasa letu lina paa la mabati. Kisumu mvua ya alasiri huja bila kubisha hodi, na ikishika mabati hakuna maiki itakayokuokoa. Siku ya kwanza tulipoteza saa nzima hivyo. Tangu hapo tukawa tunaanza saa mbili asubuhi na kufunga saa sita.

Shida kubwa ilikuwa yale maelezo ya pembeni. Tulianza kwa kuyaweka kama nilivyoyaandika, upande wa kulia wa picha, huku mwombaji akiendelea kusema. Nikawaonyesha vijana wanane, kila mmoja kwenye simu yake, kisha nikawauliza mwombaji alijibu nini. Sita walinieleza maandishi yalisema nini. Jibu lenyewe hawakulisikia. Macho yao yalikuwa kwenye herufi, na kwenye skrini ya simu herufi zile zilikuwa ndogo kama omena.

Tukabadilisha. Jibu linasikika lote bila kukatizwa, kisha picha inasimama na uso wa meneja, sauti yake inasema maelezo yale kwa sekunde kumi hadi ishirini, na mkono wake unaonekana ukijaza fomu. Kwa hiyo kilichokuwa pembeni kwenye karatasi kikawa baada ya jibu kwenye video. Kila swali tukalifanya klipu yake ya chini ya dakika tatu, ili mtu asimalize bando kwa kutafuta swali moja.

Matokeo

Darasa lililofuata lilikuwa la vijana 19. Meneja yuleyule aliwaona watano, na duka jingine likawaona wanne. Kati ya hao tisa, watatu walipata kazi. Darasa la kwanza mmoja kati ya sita, la pili watatu kati ya tisa. Idadi ni ndogo mno, na nafasi zenyewe hazikuwa sawa, kwa hiyo siwezi kusema video ndiyo iliyofanya hivyo. Ninachoweza kukisema ni kwamba meneja alinionyesha tena fomu zake, na safari hii upande wa ushahidi ulikuwa umeandikwa. Mmoja alikuwa na "aliuza samaki Kibuye, anajua kupima". Mwingine "mweka hazina wa chama cha kanisa, alitoa hesabu mbele ya watu".

Ila fomu moja ilikuwa na mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu.

Kijana yule alipoulizwa juu ya hesabu kukataa, alisimulia kisa cha mifuko 60 ya DAP. Chote. Shangazi, mkopo, daftari na kamba. Alikisimulia vizuri kuliko msichana mwenyewe. Meneja, ambaye alikuwa ameisoma skripti, hakusema kitu. Alimwuliza tu, "Huo mfuko wa DAP ulikuwa na kilo ngapi?"

"Tisini, madamu."

Kilo 90 ni gunia la mahindi. Mfuko mkubwa wa mbolea una kilo 50, na aliyewahi kuushusha kwenye lori hawezi kuusahau.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni fomu. Vijana walipoona mkono ukiandika 1 na nafasi ya ushahidi ikibaki tupu, waliacha kuuliza "jibu sahihi ni lipi" wakaanza kuuliza "nina nini cha kuandikwa pale". Msichana aliyekuwa akiuza samaki aliniambia baada ya klipu ya kwanza, kabla sijamwuliza, kwamba kumbe yale ya Kibuye yanahesabika. Video ya kwanza isingeweza kumfikisha hapo, kwa sababu mwombaji wake hakuwa na maisha yoyote. Alikuwa mdomo na shati jeupe.

Kufuta maneno "vizuri" na "vibaya" pia kulisaidia, ingawa kuliniwia vigumu. Mwalimu ana kiu ya kusahihisha. Mara tatu nilijikuta nimeandika "jibu zuri sana" na nikalazimika kurudi kuuliza: meneja amesikia nini hasa?

Kilichoshindikana ni kile kile cha mwanzo kikiwa kimevaa nguo nyingine. Niliamini kwamba watu hukariri majibu matupu kwa sababu ni matupu, na nikiwapa jibu lenye maisha ndani watakwenda kutafuta yao. Wengi walikwenda. Lakini jibu lenye maisha ndani linakaririka vizuri zaidi, kwa kuwa hadithi inashika kichwani kuliko sentensi ya semina. Kijana wa kilo 90 hakuwa mvivu wala mwongo wa kawaida. Nilipokaa naye nilimkuta na mambo mengi ya kusema: alikuwa utingo wa lori la mchanga mwaka mzima, akihesabu safari na kupokea pesa. Aliona aibu kuitaja. Kisa cha msichana kilikuwa kwenye video, kimepigwa picha, kimepewa 5. Chake hakuna aliyekuwa amekipa hata alama moja.

Kosa jingine ni la mpangilio wa somo, nalo ni langu peke yangu. Niliwaonyesha klipu kwanza, kisha nikawauliza visa vyao. Ilipaswa kuwa kinyume, kama nilivyofanya na msichana wa agroveti kabla ya kuandika skripti: asubuhi ulikuwa unaamkia wapi, ulishika nini cha mtu, kilipotea nini, ulifanyaje. Mtu akishakiona kisa chake kimeandikwa kwa mkono wake, cha mwenzake hakimtamanishi sana.

Na kuna mpaka ambao video haiuvuki. Swali la kilo halikuwa kwenye skripti na halingeweza kuwepo. Mhojaji anayejua kazi yake ataingia ndani ya jibu lako kwa swali dogo la pembeni, uzito, bei, jina la barabara lori lilikopita, na hapo hakuna klipu ya kukusaidia. Tulichoweza kufanya ni kuwazoesha kuulizwa. Sasa kila kijana akimaliza kusimulia kisa chake, wenzake wawili wanapewa kazi ya kumwuliza maswali madogo matatu kila mmoja, na hawaruhusiwi kuuliza lolote lenye jibu la ndiyo au hapana.

Kwenye klipu ya hesabu tumefanya badiliko moja. Jibu la kwanza limebaki, na maelezo ya meneja yamebaki. Jibu la pili, la DAP, tumelitoa. Mahali pake kuna fomu tupu iliyosimama kwenye skrini kwa dakika mbili bila sauti, na kijana anarekodi jibu lake kwenye simu yake na kunitumia. Yule utingo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuma. Rekodi yake ina sekunde 70, na inaanza hivi: "Siku hiyo tulibeba safari saba, lakini dereva alikuwa ameandika sita."